Barua Isiyotaja Ugonjwa

Kosa langu lilikuwa kwenye mstari wa KUH. Niliuandika kwa herufi kubwa na kuupigia mstari kama tulivyofundishwa shuleni: jina la mfanyakazi, kisha jina la ugonjwa wake. Barua yenyewe niliiona imekaa vizuri, ina adabu, na inaomba mambo madogo tu. Ilifika kwa mwajiri hapa Kitale asubuhi. Aliyefungua bahasha alikuwa karani wa mapokezi, maana hiyo ndiyo kazi yake. Akaigonga muhuri wa kupokelewa, kisha akaiandika kwenye daftari la barua zinazoingia. Daftari hilo lina safu ya tarehe, safu ya mtumaji na safu ya mada. Kwenye safu ya mada akanakili mstari wangu wa KUH neno kwa neno. Daftari hukaa wazi juu ya meza ya mapokezi, pale pale watu wanapoegemea wakisubiri kuitwa. Wiki haikuisha kabla dereva mmoja hajamuuliza yule mfanyakazi, kwa utani wa kupita, kama ni kweli anaelekea Mathari.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya katika mlolongo huo. Karani alifanya kazi yake, na dereva alisoma kilichokuwa wazi. Siri ilitoka kwa mkono wangu mimi niliyeapa kuitunza. Tangu siku hiyo nimeandika barua za namna hiyo nyingi, nyingine za watu wa Kwanza na Endebess, nyingine za watu waliohamishiwa Bungoma, na nimefika mahali pa kuamini jambo ambalo baadhi ya wenzangu hulibishia: barua nzuri kwa mwajiri wa mtu mwenye ugonjwa wa wasiwasi ni ile isiyoutaja ugonjwa huo hata mara moja. Haiutaji kwenye mada, haiutaji kwenye mwili wa barua, wala haiutaji kwenye muhuri.

Wanaobisha husema mwajiri ana haki ya kujua. Ana haki, lakini ya kujua nini? Ukimkalisha meneja yeyote chini ukamuuliza anachohitaji hasa ili aendeshe kazi yake, utakuta ni mambo matatu. Je, mtu huyu anaweza kufanya kazi niliyomwajiri? Nibadilishe nini? Mpaka lini? Jina la ugonjwa halijibu hata swali moja kati ya hayo. Linachofanya ni kumpa meneja hofu, na meneja mwenye hofu humwondoa mtu kwenye pesa, kwenye ufunguo, kwenye foleni ya wateja, na mwisho kwenye orodha ya mishahara, huku akidhani anamsaidia.

Niueleze ugonjwa wenyewe, kwa sababu bila kuujua mtu huomba mabadiliko yasiyofaa. Madaktari huuita ugonjwa wa wasiwasi wa jumla. Si woga wa kitu kimoja, kama woga wa nyoka au wa kusimama mbele ya watu. Ni wasiwasi unaohama: asubuhi uko kwa hesabu za jana, mchana uko kwa karo ya mtoto, jioni uko kwa ujumbe wa bosi. Daktari huutambua pale wasiwasi huo unapokuwa umemkaa mtu siku nyingi kuliko zile asizokuwa nao, kwa miezi sita hivi au zaidi, hawezi kuuzuia, na umeandamana na dalili kama kukosa utulivu, kuchoka upesi, akili kuganda, hasira za karibu, misuli kukaza na usingizi kukatika. Kuna dodoso fupi la maswali saba linalouliza juu ya majuma mawili yaliyopita. Kila swali lina alama kutoka 0 hadi 3, jumla 21, na anayefikisha 10 au kuzidi huchunguzwa kwa kina. Alama hizo ni za faili la kliniki. Nimewahi kuona barua iliyompelekea mwajiri alama za mfanyakazi wake kama matokeo ya mtihani, na nikajiuliza mwandishi alitarajia meneja wa duka la pembejeo azifanyie nini.

Kinacholisha ugonjwa huu kazini ni jambo lisilojulikana kuliko wingi wa kazi. Mtu huyu anaweza kubeba msimu mzima wa mavuno mgongoni bila kulalamika, kisha akavunjwa na ujumbe wa maneno matatu kwenye simu: "Kesho tuonane ofisini." Meneja aliyeuandika alitaka kuuliza kuhusu magunia matupu. Aliyeupokea hakulala. Alizipitia stakabadhi za mwezi mzima kichwani, akaamka saa tisa usiku kutafuta daftari, na asubuhi akafika ofisini amechoka na mikono inatetemeka, akakosea hesabu kweli.

Sasa nimlete mfanyakazi mmoja, ambaye nimemtunga makusudi kutokana na wengi ili asiwe mtu yeyote unayemfahamu. Ni karani katika ghala la mfanyabiashara anayenunua mahindi eneo la Kwanza. Makao makuu ya biashara yako Kitale, na kuna tawi Bungoma. Kuanzia Oktoba hadi Desemba trekta hupanga foleni nje ya ghala tangu alfajiri. Kazi yake ni kupima unyevu kwa mashine ndogo, kuyarudisha mahindi yaliyozidi asilimia 13.5 yakaanikwe tena, kupima magunia ya kilo 90, kuandika stakabadhi, na jioni kutuma jumla kwa simu. Kazi anaijua. Wakulima wanamwamini kwa sababu hachezi na mizani.

Shida inaonekana hivi. Kila stakabadhi anaihakiki mara nne au tano. Foleni ikiisha saa kumi, yeye hufunga daftari saa mbili usiku. Humpigia mwenzake simu nyumbani kumuuliza kama ile hesabu ya trekta la tatu ilikuwa sawa, mwenzake humhakikishia, anatulia nusu saa, kisha anapiga tena. Mara mbili amepigiwa simu jioni aambiwe kesho aripoti Bungoma kushika nafasi ya mtu, na mara zote mbili alikesha, akapanda matatu ya alfajiri kupitia Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye akiwa na kichefuchefu. Meneja anamwona mchapakazi ambaye siku hizi amekuwa mzito. Hajui zaidi ya hapo, na kwa maoni yangu hahitaji kujua zaidi ya hapo.

Karani huyu yuko kwenye matibabu: anazungumza na mshauri nasaha kila baada ya majuma mawili, na daktari amemwandikia dawa. Amekaa na mshauri wake na kuchagua yeye mwenyewe nini kisemwe. Barua iliyotoka hapo ndiyo hii. Kwa kawaida barua hizi huandikwa kwa Kiingereza, na sehemu ya madhara yake hutoka huko, kwa kuwa maneno ya kitabibu ya Kiingereza humtisha hata aliyesoma. Ukilazimika kusema kwa Kiswahili, unalazimika kusema jambo lenyewe.

"SIRI. Ifunguliwe na aliyeandikiwa pekee.

Kwa Meneja wa Ghala.

6 Oktoba.

KUH: MPANGO WA KAZI WA MUDA

Ninaandika kwa idhini ya mfanyakazi aliyekukabidhi barua hii, ambaye namhudumia. Anaweza kuendelea na kazi yake ya sasa yote, ikiwemo kupima mahindi, kuandika stakabadhi na kuwahudumia wakulima. Ana hali ya kiafya inayotibika, na yuko kwenye matibabu. Kwa sasa hali hiyo inampunguzia usingizi, na umakini wake hushuka mwisho wa siku, hasa anapopata agizo lisilosema linahusu nini.

Kwa majuma 12 kuanzia leo, ninapendekeza mambo manne. La kwanza, anapoitwa au kutumiwa ujumbe, aelezwe kwa sentensi moja jambo linahusu nini na linahitajika lini. La pili, akipangiwa kazi tawi la Bungoma, apewe taarifa ya maandishi siku 3 kabla, isipokuwa dharura, na dharura ielezwe kuwa dharura. La tatu, hesabu za siku zihakikiwe mara moja pamoja na karani mwenzake saa kumi jioni, wote wawili watie sahihi, na daftari lifungwe hapo. La nne, apewe ruhusa ya saa 2 kila Alhamisi ya pili mchana, atakazozifidia siku nyingine ndani ya juma hilo.

Hakuna haja ya kumpunguzia majukumu wala malipo. Naomba mpango huu utazamwe upya tarehe 29 Desemba, na ikionekana hauhitajiki tena ukome. Barua hii naomba isinakiliwe wala kuwekwa kwenye faili la jumla. Ukiwa na swali kuhusu mpango, tafadhali mwulize yeye kwanza. Akiridhia, nitakujibu kwa maandishi."

Kisha sahihi, cheo na namba ya usajili. Barua haifiki kurasa mbili.

Kuna msomaji atakayeona sentensi ya pili imepungukiwa, kwamba ingefaa kusema ana akili timamu. Niliwahi kuiandika hivyo zamani. Mtu akikuambia bila kuulizwa kwamba jirani yako si mwizi, utahesabu kuku wako jioni hiyo hiyo. Kinachotosha ni kusema anaweza kufanya kazi gani, zikitajwa moja moja, ili meneja asibaki akikisia.

Jambo la tatu ndilo linalohitaji kuelezwa, kwa sababu linaonekana kama ukali. Mtu ana wasiwasi na hesabu, nasi tunamfungia daftari saa kumi? Ndiyo. Wasiwasi wa namna hii hutuliza njaa yake kwa kuhakikishiwa, na kila akihakikishiwa njaa huongezeka. Mwenzake anayepokea simu yake usiku na kumwambia "usijali, iko sawa" anamtendea wema unaomrudisha nyuma. Uhakiki mmoja wa kweli, wenye saa yake na sahihi mbili, humpa mwajiri usalama wa fedha zake na humpa mfanyakazi mpaka. Siku za mwanzo atahangaika. Ukimwona juma la kwanza anazungukazunguka mezani saa kumi na nusu, usimfungulie daftari. Ukiona juma la tano bado anapiga simu usiku kama mwanzo, hapo mpango haujafanya kazi, na mshauri wake anapaswa kuusikia kutoka kwake.

Kwa sababu hiyo hiyo barua haiombi aondolewe kwenye foleni ya wakulima. Jamaa zake wangependa iombe. Wangesema apewe kazi ya nyuma, ya kuhesabu magunia matupu, apumzike. Lakini mtu akiondolewa mbele ya kile kinachomtia wasiwasi, akili yake hujifunza kwamba kweli kulikuwa na hatari na kwamba ameponea chupuchupu, na kurudi huwa kugumu zaidi kila juma. Barua nyingi zinazoandikwa kwa huruma huharibu hapa. Nimeona sentensi kama "asipewe kazi zenye kumchosha akili" ikitiwa muhuri na kutumwa. Meneja hawezi kuitekeleza sentensi hiyo, maana hajui kazi gani inachosha akili ya nani. Atakachofanya ni kumpa kazi ya ufagio, na miezi mitatu baadaye kusema nafasi yake haipo tena.

Majuma 12 hayakutoka hewani pia. Dawa zinazotumika zaidi kwa ugonjwa huu huchukua majuma mawili hadi sita kuanza kuonekana, na siku za mwanzo baadhi ya watu huhisi mapigo na mtetemeko umezidi kabla haujapungua. Mazungumzo na mshauri nayo huhitaji vikao kadhaa. Mwajiri akiambiwa mwezi mmoja, atapima mtu katika kipindi chake kibaya zaidi na kuhitimisha kwamba mpango umeshindwa. Akiambiwa "mpaka atakapopona" ataona ameoa mzigo usio na talaka. Tarehe ya mwisho ni heshima kwa pande zote mbili. Jina la dawa, bila shaka, halimo. Meneja mwenye simu atalitafuta mtandaoni kabla hajamaliza chai, na wewe utakuwa umeutaja ugonjwa kwa njia ya mzunguko. Kinachoweza kutajwa ni athari kwa kazi: ikiwa dawa inaleta usingizi na mtu anaendesha trekta au mashine ya kupukuchua, daktari aseme asiendeshe mpaka tarehe fulani.

Narudi kwenye siri, kwa sababu huko ndiko watu makini hujikwaa. Mwandishi anaweza kuchuja kila neno la barua, kisha akaichapa kwenye karatasi yenye kichwa cha kliniki ya magonjwa ya akili na kuigonga muhuri wa duara unaosema hivyo hivyo. Katika mji kama Kitale, muhuri husomwa kabla ya barua. Hospitali nyingi zina karatasi ya jumla yenye jina la hospitali tu, na muhuri wa idara ya wagonjwa wa nje. Omba hiyo. Ikiwa mshauri anafanya kazi peke yake na jina la ofisi yake linajieleza, ni bora daktari wa kawaida anayemjua mgonjwa aandike na kutia sahihi.

Barua ifike kwa mkono wa mfanyakazi mwenyewe, hadi mkononi mwa mtu mmoja. Isipitie mapokezi, isitumwe kwa WhatsApp. Picha ya barua kwenye simu ya meneja huangukia kwenye kundi la wafanyakazi kwa kidole kilichoteleza, na ikishaanguka, kuifuta ni kuwaarifu wote kwamba palikuwa na kitu. Tena hapa kwetu mipaka ya ofisi si ukuta. Katibu muhtasi wa Bungoma ni binamu ya mke wa mwalimu wa Kwanza, na msiba mmoja wa Jumamosi unatosha kuwakutanisha.

Kuna pia daftari la ruhusa. Ghala nyingi zina kitabu ambamo kila anayetoka huandika saa na sababu. Karani wetu akiandika "kliniki" kila Alhamisi ya pili, baada ya mara tatu hesabu imekamilika vichwani mwa watu, na kila mmoja atachagua ugonjwa anaoupenda. Waafikiane na meneja mapema kuhusu maneno ya safu hiyo. "Kwa mpango na utawala" yanatosha, nayo ni kweli. Na wenzake wakiuliza kwa nini yeye hutoka, meneja awe na jibu tayari, kwa kuwa jibu la papo kwa papo ndilo huvuja. Meneja mmoja ninayemheshimu hujibu hivi: "Ni utaratibu wa kazi tuliopatana. Ya kwake sikwambii wewe, na ya kwako sitamwambia yeye." Baada ya hapo hubadilisha mazungumzo kuwa ya turubai.

Lakini njia bora ya kuficha jambo la mmoja ni kulifanya la wote. Tazama tena yale manne. Mawili ya kwanza hayana sababu ya kumhusu karani mmoja. Meneja akitangaza kwamba kuanzia sasa anayemwita mwenzake aseme anamwitia nini, na kwamba orodha ya watakaokwenda Bungoma juma lijalo itabandikwa kila Ijumaa, hakuna atakayeuliza ni kwa ajili ya nani. Hata uhakiki wa sahihi mbili unaweza kuwa wa makarani wote, na mkaguzi wa hesabu atashukuru. Linalobaki la mtu binafsi ni saa mbili za Alhamisi tu. Mimi humwomba mwandishi wa barua awe na ujasiri wa kumdokezea meneja hilo kwa mdomo, kupitia mfanyakazi, kwa sababu wengi hawalifikirii.

Sheria iko upande wa utaratibu huu kuliko watu wanavyodhani. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inamlinda mtu dhidi ya kutakiwa kutoa au kufichuliwa habari zake za binafsi pasipo haja, na kifungu cha 260 kinapoeleza ulemavu kinajumuisha hali za akili na saikolojia zenye athari kubwa au ya muda mrefu kwa shughuli za kila siku. Sheria ya Ajira ya 2007, sehemu ya 5, inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu kadhaa, na mojawapo imetajwa wazi: hali yake ya akili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka habari za afya katika kundi la data nyeti, na anayeona zake zimemwagwa anaweza kulalamika kwa Kamishna wa Data, ambaye ana siku 90 za kuchunguza na kuhitimisha. Tena Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua mahali pa ile ya 2003, inamtaka mwajiri afanye marekebisho yanayowezekana kazini.

Hata hivyo sijawahi kutaja sheria kwenye barua ya kwanza, na simshauri mtu aitaje. Barua yenye vifungu hupelekwa kwa wakili, na kwa wakili hufunguliwa faili, na faili ndilo tulilokuwa tukilikwepa. Vifungu vikae mfukoni. Siku vinapohitajika, vitatoka na tarehe na nakala.

Kuna jambo moja watu hulichanganya. Barua hii si ya likizo ya ugonjwa. Likizo hiyo ina utaratibu wake katika sehemu ya 30 ya Sheria ya Ajira: baada ya miezi miwili ya kazi mfululizo, mtu anastahili angalau siku 7 kwa malipo kamili na nyingine 7 kwa nusu mshahara ndani ya mwaka, akileta cheti cha daktari. Mfanyakazi anayeomba marekebisho yuko kazini na anataka kubaki kazini. Ukichanganya mawili hayo katika karatasi moja, meneja atasoma neno likizo na kuruka mengine.

Je, meneja akikataa? Wengine wana sababu. Alhamisi inaweza kuwa siku ya malori kupakia kwenda Bungoma, na saa mbili bila karani mzoefu ni foleni hadi barabarani. Hapo barua imeacha mlango: ni mapendekezo, na anaweza kusema Jumatatu. Mshauri anaweza kuhamisha kikao. Taarifa ya siku tatu inaweza kuwa mbili. La sentensi moja kwenye ujumbe sioni namna ya kulikataa, maana haligharimu hata shilingi, lakini ndilo ambalo mameneja husahau upesi zaidi, kwa sababu ni tabia, na tabia haibadilishwi na barua. Wengi nimewashauri waandike kwenye karatasi ndogo juu ya meza: "Nini? Lini?"

Mwingine hatakataa, ila atauliza: "Kwani anaumwa nini hasa?" Hili swali mfanyakazi alifanyie mazoezi kabla, kwa sauti, kama mtu anayejiandaa kwa posa. Jibu lake lisizidi sentensi mbili. "Ni hali inayotibika, na daktari amesema naweza kufanya kazi yangu yote. Ningependa tuzungumzie ule mpango." Akiongeza ya tatu ataongeza ya kumi, kwa kuwa wasiwasi hupenda kujieleza. Tena kuna upande wa pili: wapo wafanyakazi wanaotaka meneja wao ajue jina la ugonjwa, kwa sababu wamefanya naye kazi miaka na wanamwamini. Hiyo ni haki yao, na wakitaka wamwambie kwa mdomo wao wenyewe, siku waliyoichagua. Likishaandikwa kwenye barua yangu halifutiki, na meneja wa leo si meneja wa mwakani.

Kuhusu mwisho wa mpango: tarehe 29 Desemba, foleni ya trekta imekwisha, karani na meneja wanakaa dakika kumi na tano. Swali ni moja kwa kila pendekezo kati ya yale manne: liendelee, libadilike au liishe? Kwa kawaida la Alhamisi ndilo hupungua kwanza, kwani vikao vimekuwa vya kila mwezi. Orodha ya Ijumaa hubaki, kwa kuwa makarani wengine wameizoea na hawataki irudi simu ya jioni. Kisha meneja anafungua mtoto wa meza, anatoa bahasha yenye neno SIRI, na kumrudishia mwenyewe. Kwenye faili inabaki sentensi moja: mpango wa muda wa kazi, 6 Oktoba hadi 29 Desemba, umekamilika.